Jinsi ya Kupandisha Bei ya Chapati Bila Kuwapoteza Wateja wa Kila Siku: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Kibanda

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye kibanda cha chai na chapati ambaye unga na mafuta vimempandia, lakini bado anauza kwa bei ya zamani kwa kuhofia kwamba wateja watahamia kwa jirani. Wengi hukwama mahali palepale. Ama husubiri mpaka mtaji umeliwa, kisha hupandisha bei ghafla asubuhi moja bila kumwambia mtu, ama huanza kupunguza donge kimyakimya, wakiamini kwamba mteja haoni. Mteja anayekula chapati mbili kila asubuhi huona mapema sana, na anapoona, husema kwa kutokuja tena.

Mifano yote hapa ni ya chapati kwa sababu hesabu yake ni fupi na viungo vyake ni vichache. Bei nilizotumia ni za mfano, kwa shilingi za Tanzania. Weka za sokoni kwako, hatua zitabaki zilezile. Biashara ambazo bei zake hupangwa na mamlaka, kama nauli za daladala zinazopangwa na LATRA, hazihusiki na mwongozo huu.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari lenye mauzo ya angalau siku saba: ulizopika, ulizouza, zilizobaki au kuungua.
- Risiti au kumbukumbu za manunuzi ya mwisho ya unga, mafuta na mkaa au gesi.
- Mizani ndogo ya jikoni inayopima gramu.
- Daftari la madeni, kama unakopesha.
- Orodha ya wateja wa oda na wanaonunua kwa jumla ili wakauze tena.
- Sarafu za shilingi 100 na 200 za kutosha kwa wiki ya kwanza.
- Kipande cha ubao au karatasi ngumu ya tangazo.

Usiruke daftari la siku saba hata kama unajiona unaijua biashara yako kwa kichwa. Mtu hukumbuka siku ambazo chapati ziliisha saa tatu asubuhi, na husahau siku ambazo kumi zilibaki.

## Hatua ya 1: Pima donge kabla ya kuilaumu bei ya soko

Pima madonge kumi ya kwanza ya asubuhi, kisha kumi ya mwisho. Kilo moja ya unga, pamoja na maji na mafuta ya kukandia, hutoa takriban kilo moja na gramu mia sita na hamsini za unga uliokandwa. Ukikata madonge ya gramu 110, utapata chapati 15 kwa kila kilo ya unga. Msaidizi anayekata kwa jicho akifika gramu 125, utapata 13 tu, na chapati mbili kwa kila kilo zinakuwa zimetolewa bure bila mtu yeyote kushukuru.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba bei mpya inayojengwa juu ya donge lisilopimwa ni bei ya kubahatisha. Mteja atakayelipa zaidi atailinganisha chapati ya leo na ya jana, na kama ya leo ni ndogo kwa sababu tu aliyekata ni mtu mwingine, ataamini kuwa umemwibia mara mbili.

Umefaulu ikiwa madonge yako hayatofautiani kwa zaidi ya gramu tano, na kila kilo ya unga inatoa idadi ileile ya chapati kwa siku tatu mfululizo. Ikiwa kurekebisha donge peke yake kumerudisha pesa iliyokuwa inapotea, ishia hapa. Huna haja ya kupandisha bei mwezi huu.

## Hatua ya 2: Hesabu gharama kwa bei utakayonunulia tena

Kosa kubwa katika hatua hii ni kutumia bei ya mfuko uliopo stoo. Mfuko huo ukiisha, itabidi ununue mwingine kwa bei ya sasa, na pesa ya kuununua itatoka katika chapati unazouza leo. Kwa hiyo, hata kama unga uliomo stoo ulinunuliwa kwa bei nafuu, andika bei utakayoikuta dukani kesho.

Tuchukue kibanda kinachopika kilo 10 za unga kwa siku, yaani chapati 150. Kwa wastani sita huungua, huchanika au hubaki, hivyo zinazouzwa ni 144, kila moja kwa shilingi 500. Gharama za siku zilikuwa hivi, na sasa ziko hivi:

- Unga kilo 10: 18,000, sasa 22,000
- Mafuta lita 3: 15,000, sasa 19,500
- Chumvi na sukari: 1,000, sasa 1,000
- Mkaa: 5,000, sasa 6,000
- Karatasi za kufungia: 1,500, sasa 1,500
- Msaidizi: 8,000, sasa 8,000
- Kodi ya kibanda na ushuru: 3,000, sasa 3,000
- Jumla: 51,500, sasa 61,000

Mauzo ya siku ni 144 mara 500, yaani shilingi 72,000. Zamani mwenye kibanda alibakiwa na 20,500. Sasa anabakiwa na 11,000. Kibanda kimejaa vilevile, foleni ni ileile, mikono inachoka vilevile, lakini karibu nusu ya kipato chake imeondoka. Ndiyo maana wengi hawalioni tatizo mpaka siku ya kununua ndoo ya mafuta inapofika na pesa haitoshi.

Gawanya sasa gharama hizo katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile zinazopungua ukipika chache, yaani unga, mafuta, chumvi, mkaa na karatasi, ambazo jumla yake mpya ni 50,000. Ukigawa kwa chapati 144 zilizouzwa, kila moja inabeba karibu shilingi 347. Fungu la pili ni zile zinazobaki palepale hata ukiuza chapati kumi, yaani msaidizi na kodi, ambazo ni 11,000. Utayahitaji mafungu haya katika hatua ya nne, kwa hiyo yaandike mahali unapoweza kuyaona.

Mkaa si mwaminifu sana katika mgawanyo huu. Jiko likishawashwa, tofauti ya mkaa kati ya chapati 150 na 120 si kubwa kama hesabu inavyodai. Ukitaka usalama zaidi, hamishia nusu ya mkaa kwenye fungu la pili.

Umefaulu ikiwa unaweza kutaja namba tatu bila kufungua daftari: ulichokuwa unabakiwa nacho, unachobakiwa nacho sasa, na pengo kati yake. Kwa mfano wetu pengo ni shilingi 9,500 kwa siku, ambazo ukizigawa kwa chapati 144 ni kama shilingi 66 kwa kila moja.

## Hatua ya 3: Chagua bei ambayo sarafu zinaikubali

Hesabu inasema uongeze 66, lakini hakuna anayeweza kudai shilingi 566 kwa chapati. Bei ya kitu kidogo hupanda kwa ngazi za sarafu, na hapa una njia tatu za kupima.

Njia ya kwanza ni 550. Inaonekana ya upole, lakini hata asipoondoka mteja hata mmoja inaleta 7,200 tu kwa siku, na pengo la 2,300 linabaki. Zaidi ya hapo, sarafu ya 50 haipatikani kwa urahisi. Utajikuta ama unamwambia mteja "hamsini yako utanidai," ama unaziachia hamsini hizo na kurudi kwenye 500. Ubaya wake mkubwa ni kwamba baada ya miezi michache itakubidi upandishe tena, na watu huvumilia kupanda mara moja kwa mia kuliko mara mbili kwa hamsini.

Njia ya pili ni kubaki 500 na kupunguza donge kutoka gramu 110 hadi 95. Unga na mafuta ya siku sasa ni 41,500, na kupunguza donge kwa kiasi hicho kunaokoa takriban 5,700. Hilo nalo halifiki 9,500. Chapati yenyewe inaharibika pia: ukiisukuma ifikie upana uleule inakuwa nyembamba, inakauka haraka na kuchanika, na ukiiacha nene inakuwa ndogo kwenye sahani. Aliyezoea kushiba kwa mbili ataanza kusema kwamba chapati za hapa siku hizi hazishibishi, na neno hilo likishaenea ni gumu kulifuta kuliko malalamiko ya bei.

Njia ya tatu ni 600 kwa donge lilelile la gramu 110. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa mfano huu, kwa sababu inaziba pengo na kuacha ziada ya kukufikisha kwenye mabadiliko yajayo ya bei za sokoni, na kwa sababu unaweza kumtazama mteja na kumwambia bila kusita kuwa ukubwa haujaguswa.

Angalia pia jinsi bei mpya inavyokaa na vitu vingine. Kama chai ya rangi ni shilingi 300, chapati mbili na chai zilikuwa 1,300. Kwa bei mpya zitakuwa 1,500 kamili, na hiyo ni namba nzuri: mteja anatoa noti ya elfu na sarafu ya mia tano, hakuna chenji. Usipandishe chai siku hiyohiyo. Mteja anahitaji kuona kwamba kuna kitu kimebaki palepale, na chai ya rangi haina mafuta wala unga ndani yake, hivyo sababu utakayoitoa kwa chapati haiihusu.

Tahadhari: kuiga bei ya jirani bila kupima ni hatari. Nunua chapati yake, ipime ikiwa imepikwa, kisha ipime na ya kwako iliyopikwa. Kama yake ina gramu 85 kwa shilingi 500 na yako ina gramu 100, basi gramu mia za kwake zinagharimu shilingi 588. Wewe kwa 600 uko naye bega kwa bega, tofauti ni kwamba wateja wenu bado hawajui. Hata hivyo usiende kukaa naye mkapange bei moja. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kukubaliana bei, na mapatano ya namna hiyo huvunjika mara moja wenu anapobakiwa na chapati ishirini saa tano asubuhi.

## Hatua ya 4: Jua ni wateja wangapi unaweza kumudu kuwapoteza

Hatua hii ndiyo inayoondoa hofu, na ndiyo inayorukwa na wengi. Watu huuliza, "Je, nikipoteza wateja?" Swali lenye jibu ni hili: nikipoteza wangapi ndipo nitakuwa nimefanya vibaya kuliko nisingepandisha?

Kwa shilingi 600, kila chapati ikitoa 347 za gharama zake inakuachia 253. Kutoka hapo lazima kwanza ulipe zile 11,000 za msaidizi na kodi, kisha kinachobaki ni chako.

Ili ubakiwe na 11,000, yaani kiasi kilekile unachobakiwa nacho leo kwa bei ya zamani, unahitaji jumla ya 22,000. Gawa kwa 253: ni chapati 87. Ili urudi kwenye 20,500 za zamani, unahitaji 31,500, ambazo ukizigawa kwa 253 ni chapati 125.

Hizo namba mbili, 125 na 87, ndizo alama zako za njiani. Ukishuka kutoka chapati 144 hadi 125, yaani ukipoteza chapati 19 kila siku, bado umerudi kwenye kipato chako cha zamani, tena kwa unga mdogo na kazi ndogo. Kati ya 125 na 87 hujafika ulipotaka, lakini uko mahali pazuri kuliko ulipo sasa. Chini ya 87 ndipo bei mpya inakuwa imekuumiza.

Ziandike namba hizi ukutani jikoni, mahali mteja haoni. Siku ya tatu baada ya kupandisha, mteja mmoja akinung'unika kwa sauti mbele ya wengine, namba hizo ndizo zitakazokuzuia usirudi nyuma kwa sababu ya mtu mmoja.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema, "Nikiuza chini ya idadi hii kwa wiki mbili, nitabadilisha, nikiuza zaidi, sibadilishi."

## Hatua ya 5: Waambie mapema wale ambao bei yako ni mtaji wao

Wateja wako si kundi moja. Yupo anayekula na kuondoka, yupo mwenye oda ya ofisi, na yupo mama mwenye sufuria ya maharage upande wa pili wa barabara, ambaye huchukua chapati 30 kwako kila asubuhi na kuziuza yeye. Huyu wa mwisho ndiye anayesahaulika, ingawa akiondoka anaondoka na thelathini kwa mpigo.

Tuseme umekuwa ukimuuzia kumi kwa 4,500, naye huuza moja kwa 500 na kupata faida ya 50. Ukimpandishia ghafla hadi 5,400 kwa kumi, siku hiyo atauza kwa hasara, kwa kuwa wateja wake hawajaambiwa kitu. Mpe wiki mbili. Mwambie bei yake mpya, na umwambie pia kwamba kibandani kwako chapati itakuwa 600, ili ajue nafasi aliyonayo. Akichagua kuuza 600, faida yake inakuwa 60 badala ya 50, na ukimwonyesha hilo kwa hesabu, hana sababu ya kukuhama. Bei atakayouzia aamue mwenyewe.

Maneno hayahitaji kuwa mengi. "Mama Asha, shikamoo. Nimekuja mapema ili usishtukizwe. Kuanzia Jumatatu ya wiki ya pili kutoka leo, kumi zitakuwa elfu tano na mia nne. Hapa kwangu moja itakuwa mia sita. Ukubwa ni uleule, pima mwenyewe." Nenda kwake, usimwite aje kwako, na usimtume msaidizi.

Wenye oda za ofisi wape taarifa ya wiki moja. Oda iliyokwisha kulipiwa iheshimu kwa bei ya zamani hata kama itakuumiza kidogo. Wateja wa kila siku wanatosheka na siku tano hadi saba. Ukiwapa mwezi mzima, watakuwa na mwezi mzima wa kulalamika, na wewe utakuwa na mwezi mzima wa kupoteza 9,500 kila siku.

Ukiuza sehemu kubwa kwa jumla, rudia hatua ya nne kwa kuwatengea mstari wao, kwani kila chapati ya jumla inakuachia 193 na si 253.

## Hatua ya 6: Chagua siku, kisha tangaza kwa maneno machache

Siku nzuri ni zile za mwanzo wa mwezi, mishahara ikiwa imetoka. Epuka kati ya tarehe 15 na 25, wakati ambapo hata shilingi mia husikika. Epuka Januari, yenye sare na mahitaji ya shule. Na usithubutu kupandisha siku chache kabla ya Ramadhani au mwanzoni mwake. Hata kama mafuta yamepanda kweli, mtaa utasema umevizia mfungo, na chapati za futari zitanunuliwa kwingine. Ikiwa gharama zimekubana wakati huo, pandisha wiki tatu kabla, au vumilia hadi Idi ipite.

Tangazo liwe na mambo matatu tu: siku, bei mpya, na kisichobadilika. Mfano:

> Wateja wetu, kuanzia Jumatatu tarehe 3 chapati itakuwa shilingi 600. Ukubwa ni uleule. Chai ya rangi inabaki shilingi 300. Karibuni.

Usiandike habari za dola, vita wala serikali. Sababu ndefu hualika ubishi: mmoja atasema dola imeshuka, mwingine atasema alisikia redioni kwamba unga umeongezeka, na foleni yako itageuka kijiwe. Akiuliza mtu, taja kitu kimoja anachokijua jikoni kwake mwenyewe. "Mafuta, kaka. Lita ilikuwa elfu tano, sasa elfu sita na mia tano." Yeyote aliyetumwa dukani na mkewe wiki hii ataitikia kwa kichwa.

Mfundishe msaidizi jibu hilohilo. Kama wewe unasema ni mafuta, naye anasema, "Mimi sijui, muulize bosi," mteja atadhani sababu imetungwa.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe

Andaa chenji usiku uliotangulia. Mteja wa chapati moja mwenye noti ya 1,000 anadai 400, yaani sarafu mbili za 200. Ukitarajia wateja 40 wa namna hiyo asubuhi, unahitaji sarafu 80, ambazo ni shilingi 16,000. Zitafute mapema kwa makonda wa daladala mwisho wa siku, au kwa mwenye duka anayekufahamu. Bandika pia lipa namba mahali inapoonekana, kwa sababu anayelipa kwa simu halalamikii chenji. Bei mpya inayokuja pamoja na "sina chenji" humfanya mteja ahisi amepandishiwa mara mbili.

Chora mstari katika daftari la madeni. Chapati zote zilizochukuliwa kabla ya siku hiyo zinalipwa kwa 500, na zinazofuata kwa 600. Andika tarehe juu ya mstari na umwonyeshe mwenye deni. Ugomvi mwingi wa kupanda kwa bei hutokea mwisho wa mwezi, mdaiwa anapohisi kwamba chapati zake za zamani zimehesabiwa kwa bei mpya.

Siku hiyo na wiki nzima inayofuata, chapati ziwe bora kuliko kawaida: za moto, tabaka zinaachana, hakuna iliyoungua inayoingizwa katikati ya rundo. Mteja anayelipa mia ya ziada kwa mara ya kwanza hukagua, hata asipokusudia.

Tahadhari kubwa ya hatua hii ni bei ya mtu. Atakuja mzee unayemheshimu, au jirani wa miaka mingi, aseme, "Mimi niachie mia tano, mwanangu." Ukimwachia, wa nyuma yake kwenye foleni amesikia. Kufika mchana bei yako itakuwa 500 kwa wote wenye ujasiri wa kuomba, na 600 kwa wapole, ambao mara nyingi ndio wateja wako waaminifu zaidi. Mjibu kwa heshima: "Mzee wangu, bei ni moja kwa wote, lakini leo chai ni juu yangu." Kikombe kimoja cha chai ya rangi kinakugharimu kidogo sana, na bei ya chapati imebaki imesimama.

## Hatua ya 8: Fuatilia kwa wiki mbili kabla ya kuamua lolote

Andika kila jioni: zilizopikwa, zilizouzwa, zilizobaki. Pika chache kidogo wiki ya kwanza, tuseme kilo 9 za unga badala ya 10, yaani chapati 135, ili kupungua kwa wateja kusigeuke chapati zilizolala. Ukiona zinaisha mapema siku mbili mfululizo, rudi kwenye kilo 10.

Tarajia wiki ya kwanza ishuke. Wapo watakaokwenda kuonja kwa jirani, na wapo waliokula mbili watakaokula moja. Kinachokuhusu ni wiki ya pili. Linganisha Jumatatu na Jumatatu, Jumamosi na Jumamosi, na uandike pia mvua kubwa na siku za likizo za shule, maana hizo hushusha mauzo hata kama bei haijaguswa.

Ukiwa juu ya 125 mwisho wa wiki ya pili, kazi imeisha na bei imekubalika.

Ukiwa kati ya 125 na 87, tafuta nani hasa hayupo kabla ya kugusa bei. Kama waliopungua ni wale wa chapati mbili waliohamia moja, watengenezee mlo wa namba kamili: chapati mbili na kikombe kidogo cha maharage kwa 1,500, baada ya kuhakikisha kwamba maharage hayo hayakugharimu zaidi ya shilingi 150. Kama aliyepungua ni mtu mmoja wa oda, mtembelee. Huenda ofisi yao imehama tu.

Ukiwa chini ya 87 kwa wiki zote mbili, mtaa wako hauwezi kubeba 600 kwa sasa. Usirudi kwenye 500 kwa donge lilelile, kwa sababu hapo utabaki na pengo lilelile, na wateja watakuwa wamejifunza kwamba wakinuna unashuka. Weka chapati za aina mbili zilizotangazwa wazi: ndogo ya gramu 85 kwa 500, na kubwa ya gramu 110 kwa 600. Tofauti yake na kupunguza donge kimyakimya ni kwamba hapa mteja anachagua mwenyewe akijua anachonunua. Zipange katika sahani mbili tofauti ili msaidizi asizichanganye, na uhesabu upya namba zako mbili kwa kila aina.

## Ikiwa unga na mafuta vitashuka tena

Subiri mwezi mzima kabla ya kuamini kwamba vimeshuka. Vikibaki chini, kushusha chapati hadi 500 kutakulazimu upandishe tena baadaye na kurudia kazi hii yote. Ni afadhali kurudisha kitu kwa njia nyingine inayoonekana: donge la gramu 120 badala ya 110, kwa kilo moja ya unga kutoa kama chapati 13 hadi 14. Liandike kwenye ubao uleule uliotangazia bei, kwa herufi kubwa zilezile.